Rangi ya nywele: nywele zinakatika, kichwa kinawasha, na sasa naambiwa nitapata saratani

Mama Kulthum
Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 41, ni mwalimu, niko Morogoro. Mvi zilianza kunitoka nikiwa na miaka 27. Ni za ukoo, mama yangu alikuwa mweupe kichwa kizima kabla hajafika 45. Kwa hiyo napaka rangi nyeusi, ile ya unga ya kwenye pakiti ndogo unayokoroga na maji, kila baada ya wiki tatu. Miaka kumi na nne sijawahi kupata shida.

Tangu mwezi wa tatu mambo yamebadilika. Kila nikichana, kitana kinajaa. Kwenye paji la uso nywele zimerudi nyuma, na utosini zimekuwa fupi kama za mtoto. Halafu siku ya pili baada ya kupaka kichwa kinawasha na masikio yanakuwa mekundu.

Juzi kwenye kundi la walimu mtu akatuma ujumbe wa sauti kwamba rangi ni sumu, inaingia kwenye damu na kuleta saratani ya titi na ya kibofu. Dada yangu mkubwa aliugua titi, ametibiwa, yuko salama. Sijalala tangu juzi. Nauliza mawili: rangi ndiyo inayoniondolea nywele? Na hiyo saratani ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

Chuma cha Reli
Pole dada. Rangi inaziba vinyweleo, nywele inakosa hewa, mzizi unakufa. Mwenye makosa ni amonia. Nunua isiyo na amonia, utakuwa umemaliza kazi. Mke wangu ndivyo alivyofanya.

Kipara Ngoto
Wakuu nami nipo hapa. Mimi napaka ndevu tu, kila Ijumaa asubuhi, lakini upara unapanda kutoka utosini. Inawezekana rangi inasafiri kutoka kidevuni kwenda kichwani kupitia damu? Babu yangu naye alikuwa na kipara, ila yeye hakuwahi kupaka kitu.

Fundi Zuhra
@Kipara Ngoto, wewe umeshajijibu na babu yako, yakhe. Muache mwenzio asaidiwe.

Mimi nina saluni Mombasa, mwaka wa kumi na sita huu. Ninachokiona kitini ni kwamba nywele hainyonyoki kwa rangi, nywele *inakatika*. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mteja akija analia nywele zimeisha, swali langu la kwanza si "umepaka rangi gani", ni "umeweka dawa lini". Anakwambia Alhamisi dawa ya kulainisha, Jumamosi rangi, Jumapili kasuka rasta za kuvuta mpaka macho yanakuwa ya Kichina. Kisha lawama zote anaitupia rangi, kwa sababu ndiyo yenye jina baya.

Kwangu, dawa na rangi zinapishana wiki mbili, mteja akitaka asitake. Anayetaka blichi juu ya nywele yenye dawa namrudishia pesa zake.

TabibuNgozi
Mama Kulthum, nafanya kazi kliniki ya ngozi. Kabla sijasema lolote naomba ufanye jambo moja. Kesho ukichana, tandika kanga nyeupe, kusanya zote zilizodondoka, uziangalie mchana kwenye mwanga. Niambie: ncha ya upande wa kichwani ina kijiuvimbe kidogo cheupe, kama kichwa cha pini? Zina urefu unaolingana au ni vipande vipande? Na je, miezi mitatu minne kabla ya mwezi wa tatu ulijifungua, uliugua homa kali, ulifanyiwa upasuaji, au ulipungua uzito ghafla?

Jingine: dawa unaweka? Unasuka?

Mama Kulthum
Shikamoo daktari. Nimefanya. Nimeokota 63, nimezihesabu kwa kweli. Zenye kichwa cha pini ni 11 tu. Nyingine ni vipande, vya sentimita mbili, tatu, tano. Sijaugua, sijajifungua, uzito ndio unazidi kuongezeka.

Dawa naweka kila baada ya wiki nane. Na Zuhra kanisema bila kunijua, kwa sababu huwa nafanya vyote wikiendi moja: dawa Ijumaa, rangi Jumamosi, jioni nasuka ili Jumatatu niwe darasani.

TabibuNgozi
Marahaba. Basi tuzitenganishe, maana una shida tatu zilizovaa nguo moja.

Ya kwanza ni hivyo vipande. Nywele unayoiona haina uhai, inafanana na ukucha. Kilicho hai ni mzizi, uko ndani ya ngozi. Rangi ya kudumu inafungua magamba ya nje ya nywele, inaingia ndani, na magamba hayarudi kukaa kama zamani. Mara moja, nywele inavumilia. Lakini wewe unapaka kichwa kizima mpaka nchani kila wiki tatu. Nywele inakua kama sentimita moja kwa mwezi. Ncha ya nywele yako ya sentimita 20 ina umri wa miezi ishirini hivi, na ndani ya miezi hiyo umeipaka rangi mara zisizopungua 28. Juu yake weka dawa ya kulainisha, ambayo kazi yake ni kuvunja viungo vya ndani vya nywele hiyohiyo. Inakatika kwa sababu imechoka. Mzizi ni mzima, na ushahidi ni vile vichwa vya pini 11. Kung'oka nywele hamsini mpaka mia kwa siku ni kawaida ya binadamu yeyote.

Kwa hiyo Chuma cha Reli, hakuna kinyweleo kilichozibwa, na nywele haipumui. Kwenye amonia umegusa ukweli kidogo: ndiyo inayofungua magamba. Isipokuwepo, kiwandani wanaweka kitu kingine cha kufanya kazi hiyohiyo, na rangi yenyewe inabaki ileile.

Ya pili ni paji la uso. Pale ni kuvutwa na rasta. Ngozi ikiwa bado ina vitundu vya nywele, zitarudi ukiacha kuvuta. Ikiwa laini inang'aa kama kioo, nyingine hazitarudi. Rangi hapo haihusiki.

Ya tatu ndiyo inayonitia wasiwasi, na wewe umeiandika kama jambo dogo: kuwashwa *siku ya pili* na masikio kuwa mekundu. Kemikali ikikuchoma, unawashwa papo hapo. Ikikuwasha baada ya siku moja au mbili, mara nyingi ni aleji, mwili umeanza kuikataa rangi yenyewe. Soma nyuma ya pakiti kama kuna PPD au `p-Phenylenediamine`. Na tafadhali usipake tena mpaka tumalize mazungumzo haya.

Mama Kulthum
Ipo. Ndiyo iliyoandikwa ya kwanza. Lakini daktari, miaka kumi na nne napaka ileile, aleji inaanzaje leo?

Bint Vuga
Mama Kulthum usibishane na hilo. Mimi ni wa Unguja. Harusi ya binamu yangu nilichorwa piko mikono yote miwili mpaka kwenye kiwiko. Ilitoka nyeusi tii, nzuri sana. Siku ya tatu yakaota malengelenge yakifuata maua yenyewe, jani kwa jani, unaweza kuusoma mchoro kwa vidonda. Nikapona, alama zikabaki mwaka mzima. Miaka sita baadaye nikapaka rangi ya nywele kwa mara ya kwanza maishani. Usiku wa pili uso ukavimba, macho yakafunga, nikapelekwa hospitali nikiwa nimeshikwa mkono kama kipofu. Kichwa kilitoa maji wiki nzima, na baada ya miezi miwili ndipo nywele zikaanza kung'oka kweli, na mzizi wake. Zilirudi, lakini ilichukua karibu mwaka.

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba piko na rangi ya nywele ni kitu kimoja.

Fundi Zuhra
Ni kitu kimoja. Piko ya mtaani ni unga wa rangi ya nywele umekorogwa mzito. Hina yenyewe haitoi nyeusi hata siku moja, inatoa nyekundu ya matofali mpaka kahawia. Ukiona hina inatoka nyeusi kwa nusu saa, ujue ina mgeni. Mimi niliacha kuchora piko kwa watoto, mama zao wananinunia mpaka leo.

TabibuNgozi
Kisa cha Bint Vuga kinajibu swali la Mama Kulthum. Aleji ya aina hii mwili *unajifunza*. Unaweza kukutana na PPD mara mia bila neno, kisha siku moja kinga ya mwili inaiweka kwenye orodha ya maadui, na kwa kawaida haiiondoi tena. Piko inafundisha haraka kwa sababu inakaa juu ya ngozi kwa saa nyingi na ni nzito kuliko ya kichwani. Ulaya sheria inataka PPD ya rangi ya nywele isizidi asilimia 2 baada ya kuchanganywa, na hairuhusu kuichora kwenye ngozi kabisa. Fundi wa mtaani hapimi.

Na hiyo ndiyo njia mojawapo ambayo rangi inaweza kung'oa nywele na mzizi wake: ngozi ikiungua au ikivimba vibaya, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja na kudondoka miezi miwili mitatu baadaye. Ni mshtuko wa ngozi, kwa kawaida zinarudi.

Mama Kulthum, uliwahi kuchorwa piko?

Mama Kulthum
Harusi mbili mwaka jana. Moja ilinipa vipele vidogo, nikadhani ni joto.

Chuma cha Reli
Sawa, kwa nywele nimekubali. Kwenye saratani msimpake mafuta mwenzenu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limesema rangi iko kundi 2A, yaani *huenda inasababisha saratani*. Nimeisoma mwenyewe. Sasa mnasubiri nini?

TabibuNgozi
Umesoma sawasawa, ila umesoma nusu. Kundi 2A waliliweka kwa *kazi* ya ususi na unyozi, yaani watu kama Zuhra wanaoshika na kuvuta hewa ya kemikali hizo kila siku, hasa kwa sababu ya saratani ya kibofu. Kwa mtu anayejipaka mwenyewe nyumbani waliweka kundi 3, maana yake ushahidi uliokuwepo hautoshi kusema ndiyo wala hapana. Hukumu zote mbili zimo katika kitabu kimoja, cha mwaka 2010.

Hofu ya kibofu ina historia. Miaka ya 1970 maabara ziligundua kwamba baadhi ya kemikali za rangi zinaharibu vinasaba vya bakteria, na nyingine zikaleta uvimbe kwa panya. Viwanda vikabadilisha michanganyiko mwishoni mwa miaka hiyo. Kwa hiyo msusi aliyeanza kazi 1965 hakushika rangi hizi za leo, na ndiyo maana takwimu za zamani haziwezi kubebwa nzima nzima.

Sasa titi. Kuna tafiti mbili kubwa za Marekani. Moja ni ya wauguzi wanawake 117,200 waliofuatiliwa miaka 36, ikachapishwa 2020. Waliopaka rangi za kudumu hawakupata saratani nyingi zaidi kwa ujumla, wala hawakufa zaidi kwa saratani. Ziliongezeka kidogo aina chache: moja ya ngozi, ya ovari, na baadhi ya aina za titi. Ya pili ilitoka mwishoni mwa 2019, ya wanawake 46,709 ambao *wote walikuwa na dada aliyeugua titi*. Hii inakuhusu wewe, Mama Kulthum, kuliko ile ya kwanza. Waliopaka rangi za kudumu walikuwa na hatari kubwa zaidi kwa asilimia 9.

Asilimia 9 inatisha ikisemwa hivyo. Katika kundi lile, kwa miaka kama minane, takriban wanawake 60 kati ya kila 1,000 waliugua. Ongeza asilimia 9 juu ya 60 unapata kama 65. Hao watano ndio mjadala mzima. Kuwa na dada aliyeugua, peke yake, kunaongeza hatari karibu maradufu. Kwa hiyo kama kuna jambo la kukukosesha usingizi, liwe ni lini mara ya mwisho ulichunguzwa matiti, si pakiti ya rangi.

Shangazi wa Ughaibuni
Samahani daktari, umeruka kitu. Mimi niko Minnesota na utafiti huo ulitangazwa sana huku. Asilimia 9 ni ya wote kwa pamoja. Kwa wanawake weusi peke yao ilikuwa asilimia 45, na waliopaka mara kwa mara, kila wiki tano mpaka nane au chini ya hapo, 60. Kwa wazungu 7 au 8. Mama Kulthum anapaka kila wiki *tatu*. Mbona hukusema?

TabibuNgozi
Umenikamata kwa haki. Namba zako ni sahihi.

Sikuitaja kwa sababu wanawake weusi katika utafiti ule walikuwa wachache, na kundi likiwa dogo namba inayumba. Lakini kuyumba si sawa na kuwa ya uongo. Inawezekana bidhaa zinazouzwa kwa watu weusi zina michanganyiko mikali zaidi. Inawezekana ni dawa ya kulainisha, maana wengi wanatumia vyote viwili na ni vigumu kuvitenganisha. Utafiti wa Ghana wa 2018 uliona saratani ya titi zaidi kwa watumiaji wa dawa za kulainisha. Na lile kundi la akina dada, likichunguzwa tena mwaka 2022, lilionyesha saratani ya mji wa mimba zaidi kwa wanaolainisha nywele mara kwa mara, lakini rangi haikuonekana kuhusika. Ukiniuliza nianze kupunguza kipi kati ya viwili, ningeanza na dawa.

Shangazi wa Ughaibuni
Wauguzi wale 117,200 karibu wote walikuwa wazungu. Kwa hiyo habari njema ni yao, na habari yenye mashaka ni yetu. Mimi niliacha rangi 2020 na sijajuta. Sisemi kila mtu aache.

TabibuNgozi
Hapo siwezi kukupinga.

Fundi Zuhra
Na sisi wa kundi 2A hamjatuambia kitu. Mimi vidole vilipasuka mwaka wa tatu wa kazi, nikawa nafunga plasta naendelea kukoroga.

TabibuNgozi
Zuhra, glavu si kwa kupaka tu. Mafundi wengi wanavaa wakati wa kupaka, wanavua wakati wa kuosha, na kuosha ndiko maji yenye rangi yanakoingia kwenye kila ufa. Nitrile ni bora kuliko zile nyembamba za nailoni zinazokuja ndani ya boksi, na zikitumika zitupwe, zisigeuzwe. Unga korogea karibu na dirisha, mimina maji kwanza ndipo unga, ili vumbi lisiruke. Na usile mahali unapokorogea.

Kipara Ngoto
Na ndevu je? Bado sijajibiwa.

TabibuNgozi
Kipara ni cha babu. Ila ndevu kila Ijumaa ni nyingi mno, na ngozi ya usoni ni nyepesi. Paka kila wiki nne, mizizi tu, na usije ukapandisha kwenye nyusi wala kope. Watu wameharibu macho kwa rangi hizo.

Mama Kulthum
Nimerudi, wiki tano baadaye. Nilikwenda kliniki ya ngozi. Jumatatu walinibandika vibandiko mgongoni, Jumatano wakabandua, Ijumaa wakasoma tena. Cha PPD kilikuwa chekundu kimevimba na malengelenge madogo. Daktari alisema hata ningejipima mwenyewe nyuma ya sikio kama boksi linavyosema, kwa mtu aliyekwisha kuwashwa angenikataza, kwa sababu jaribio lenyewe linaweza kuwasha moto. Matiti pia nilichunguzwa, niko salama.

Sasa nina mstari mweupe wa sentimita mbili katikati ya kichwa na wanafunzi wananiita bibi. Nifanye nini?

Fundi Zuhra
Pole mwalimu. Usidanganywe na boksi lililoandikwa "hina nyeusi" au "asilia", soma nyuma. Hina ya kweli ya majani, ya kijani, inanuka kama nyasi kavu. Koroga na maji ya uvuguvugu, iache ilale usiku, ikae kichwani saa mbili tatu. Mvi zitatoka za shaba, si nyeusi. Kwa mwenye kichwa kama chako zitakaa kama mistari, wengine wanalipia hiyo.

Na zile ncha ziache nizikate. Zilizokatika hazishoneki.

TabibuNgozi
Ongeza hili: zipo rangi zinazojitangaza "hazina PPD", nyingi zina ndugu yake, na watu wengi wenye aleji yako wanawashwa na huyo ndugu pia. Usinunue bila kumwonyesha daktari wako boksi. Ukienda hospitali kushonwa au kwa daktari wa meno mwambie una aleji ya PPD, maana baadhi ya dawa za ganzi zina undugu nayo.

Kwa wengine wanaosoma ambao hawajawashwa: pakeni mizizi tu, kila wiki sita mpaka nane, na jaribio la nyuma ya sikio saa 48 kabla, hata kwa boksi mlilolizoea. Anayeweza kuvumilia kahawia badala ya nyeusi tii avumilie, kwa sababu kadiri rangi inavyokuwa nyeusi ndivyo PPD inavyokuwa nyingi.

Bint Vuga
Mwalimu, mimi nilifika mpaka mwisho, nikanyoa. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo migumu.

Mama Kulthum
Kunyoa bado. Nimekubali hina, Zuhra niambie nauli ya kuja Mombasa ni kiasi gani.